Herufi Kubwa Inapopotea: Mkataba wa Pango Unapovushwa Kwenda Kithai

"Mpangaji atalitunza Eneo la Pango katika hali nzuri kwa Muda wote." Sentensi ya namna hii haikosekani katika mikataba ya kupanga ofisi, duka au ghala. Msomaji wa kawaida huipita bila kusita. Wakili hawezi, kwa sababu anaona maneno matatu yaliyobeba maana kuliko yanavyoonekana. Mpangaji si mpangaji yeyote, ni ile kampuni iliyotajwa ukurasa wa kwanza. Eneo la Pango ni chumba kile tu kilichochorwa kwenye ramani ya kiambatisho. Muda una siku yake ya kuanza na siku yake ya kwisha. Fasili zote tatu zimewekwa mwanzoni mwa mkataba, na herufi kubwa ndiyo inayomkumbusha msomaji arudi huko kuzitazama.

Kithai hakina herufi kubwa. Maandishi yake hayaachi hata nafasi kati ya neno na neno. Nafasi huachwa kirai au sentensi inapokwisha, na msomaji hutenganisha maneno kwa macho yake mwenyewe. Nomino haibadiliki kuonyesha umoja au wingi. "Jengo", "majengo", "jengo lile tulilolitaja" na "jengo lolote" yanaweza yote kuandikwa akhan, isipokuwa mwandishi aongeze neno la kuyatofautisha. Mkataba wa Kiingereza unapoingia katika lugha hii, ile alama iliyokuwa ikitenganisha neno lenye fasili na neno la kawaida hufutika ukurasa mzima, na hakuna alama nyingine ya maandishi inayojitokeza kuchukua nafasi yake.

Wapo watakaosema kwamba nakala ya Kithai ni ya hisani tu, kwa kuwa makubaliano yenyewe yamo kwenye nakala ya Kiingereza. Sheria ya Thailand haioni hivyo moja kwa moja. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Madai na Biashara kinasema kwamba hati ikiwa na nakala mbili, moja ya Kithai na nyingine ya lugha ya kigeni, nazo zikatofautiana, basi nakala ya Kithai ndiyo inayotawala pale ambapo haiwezekani kujua wahusika walikusudia ipi itawale. Wenye mkataba wanaweza kuandika wazi kwamba Kiingereza ndicho kitawale, na wengi hufanya hivyo. Hata hivyo mahakama za Thailand huendesha kesi kwa Kithai, na hati ya kigeni hupelekwa mbele ya hakimu ikiwa na tafsiri. Mkataba wa kupanga nyumba au ardhi kwa zaidi ya miaka mitatu nao lazima usajiliwe serikalini, na afisa wa ardhi hufanya kazi yake kwa Kithai. Kwa njia moja au nyingine, mtu atakayeamua jambo atakuwa anasoma Kithai.

Njia ya kuliona tatizo hili kwa karibu ni kufuata mkataba mmoja. Bangkok ni miongoni mwa masoko makubwa ya vito duniani, na mawe kutoka Tanzania, Kenya na Msumbiji hufika huko kukatwa, kung'arishwa na kuuzwa. Chukulia basi kampuni ya kigeni ya vito inayopanga duka katika ghorofa ya chini ya jengo lililoko mtaa wa Silom. Duka lina mita 120 za mraba. Kodi ni baht 100,000 kwa mwezi, na amana ni ya miezi mitatu, yaani baht 300,000. Mkataba umesainiwa tarehe 15 Januari 2026, pango linaanza 1 Aprili 2026 na kwisha 31 Machi 2029. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini mambo yaliyomo ni ya kawaida katika biashara ya aina hii.

Wakili wa mwenye jengo ameandika rasimu kwa Kiingereza, kurasa arobaini pamoja na viambatisho. Kazi ya kutafsiri imegawanywa kwa wafasiri wawili ili iwahi, na hapo ndipo hatari inapoingia, maana mfasiri hodari huwa na tabia moja njema inayogeuka kuwa mbaya katika kazi hii: hapendi kurudia neno. Kithai ni lugha yenye visawe vingi na ngazi nyingi za heshima, na mwandishi mzuri hufundishwa kubadilisha maneno ili maandishi yasichoshe. Katika mkataba, mwanasheria husoma kwa dhana iliyo kinyume kabisa. Akikutana na neno jipya, huuliza kwanza ni kitu gani kipya kinachotajwa.

Tuanze na chumba chenyewe. Kiingereza kinakiita "Premises", na rasimu imekitofautisha na "Building", yaani jengo zima. Kwa Kithai mfasiri ana angalau njia tatu zinazokubalika. Anaweza kuandika sathanthi chao, mahali pa pango. Anaweza kuandika phuenthi chao, eneo la pango. Au akaandika sapsin thi chao, mali iliyopangwa, ambalo linakaribiana zaidi na lugha ya sheria kwa kuwa sheria yenyewe huita mkataba wa aina hii "kukodi mali". Kila moja ni sahihi likisimama peke yake. Tatizo linakuja mfasiri wa kwanza anapochagua moja, wa pili akachagua jingine, na mmoja wao, akiwa amechoka, akaandika akhan thi chao, jengo lililopangwa, katika ibara ya matengenezo.

Ibara hiyo ilimtaka mpangaji atengeneze kuta za ndani, sakafu na milango ya duka lake. Sasa, kwa Kithai, inamtaka atengeneze jengo lililopangwa. Mwaka wa pili paa la jengo likivuja, mwenye jengo ana sentensi ya kumwonyesha mpangaji. Mpangaji naye ana la kujibu: atafungua nakala ya Kiingereza, ataonyesha ramani, atasema hakuna mtu anayekubali kutengeneza paa la jengo zima kwa kupanga duka moja la chini. Pengine hakimu atakubaliana naye, kwa kuwa kifungu cha 171 kinamtaka atazame nia ya kweli ya wahusika kuliko maneno yalivyoandikwa. Lakini hapo tayari kuna mawakili, kuna gharama, na paa bado linavuja.

Je, phuenthi chao lisingefaa tangu mwanzo? Katika mikataba mingi linafaa na hutumika sana. Katika mkataba huu lina kasoro, kwa sababu phuenthi ni neno lile lile linaloingia katika "maeneo ya pamoja", phuenthi suan klang, na tena ndilo linalotumika kutaja ukubwa wa mita za mraba. Kodi ikikokotolewa kwa mita, sentensi moja inaweza kuwa na phuenthi mara tatu kwa maana tatu. Hapa uchaguzi wa busara ni sathanthi chao kwa duka na akhan kwa jengo. Pale ambapo Kiingereza kinasema "jengo lolote" kwa herufi ndogo, mfasiri aache akhan na kutumia sing pluk sang, yaani kitu chochote kilichojengwa. Kwa namna hiyo akhan linabaki kumaanisha kitu kimoja tu katika hati nzima, na halihitaji alama yoyote juu yake.

Hii ndiyo mbinu inayofaa kushikwa kuliko zote. Herufi kubwa ikikosekana, neno lenyewe lichaguliwe liwe refu au la kipekee kiasi cha kutoweza kuchanganywa na neno la kawaida, kisha neno la kawaida nalo litafutiwe mwenzake. Zipo ofisi zinazofuata njia nyingine: zinaweka alama za kunukuu kwenye kila neno lenye fasili, kila linapotokea, au zinalikoleza wino. Njia hizo husaidia katika ukurasa wa fasili. Zikiendelea hati nzima, ukurasa hujaa alama hadi jicho linaacha kuziona, na wino uliokolezwa hupotea mara tu ibara inaponakiliwa kwenye barua pepe. Wengine hutegemea neno dangklao, "iliyotajwa", wakaandika akhan dangklao, jengo lililotajwa. Neno hilo linafaa likiwa mstari mmoja au miwili kutoka kwa kile linachokirejelea. Likikaa mbali zaidi, msomaji hubaki akijiuliza lililotajwa wapi.

Amana ni habari nzito zaidi, maana hapa neno lisilofaa huja na sheria yake nyuma. Rasimu ya Kiingereza inasema "Security Deposit": baht 300,000 anazokabidhi mpangaji, ambazo mwenye jengo anaweza kukata humo kodi isiyolipwa na gharama za uharibifu, kisha arudishe kinachobaki. Mfasiri wa kwanza, katika ibara ya 4, ameandika ngoen prakan, fedha za dhamana. Mfasiri wa pili, katika ibara ya 19 inayohusu kuvunjika kwa mkataba, ameandika ngoen matcham. Katika mazungumzo ya mitaani hakuna wa kushangaa. Mtu anayepanga chumba Bangkok anaweza kuita fedha yoyote anayotanguliza matcham na akaeleweka.

Sheria ina masikio tofauti. Matcham ina vifungu vyake, 377 na 378, na ni kile ambacho Waswahili wanakijua kwa jina la arbuni: kitu kinachotolewa wakati wa kufunga mapatano ili kuthibitisha kwamba yamefungwa, na pia kama dhamana kwamba yatatekelezwa. Kifungu cha 378 kinasema kwamba, kama hakuna makubaliano tofauti, arbuni hurudishwa au huhesabiwa kuwa sehemu ya malipo mkataba unapotekelezwa. Aliyeitoa asipotekeleza, au mkataba ukivunjwa kwa kosa lake, arbuni inachukuliwa.

Sasa mpangaji wetu anashindwa na biashara, anaondoka kabla ya muda, akiwa na deni la kodi la baht 40,000 na uharibifu wa baht 25,000. Kwa ibara ya 4 hesabu ni rahisi: 300,000 toa 65,000, anarudishiwa 235,000. Kwa ibara ya 19, wakili wa mwenye jengo anaonyesha neno matcham, anafungua kifungu cha 378, na kusema zote 300,000 zimekwenda. Wakili wa mpangaji atajibu kwamba ibara ya 4 ni makubaliano tofauti, kwamba nia ya wahusika ilikuwa dhamana ya kurudishwa, kwamba jina tupu haliigeuzi fedha. Ana hoja za kutosha. Lakini hoja hizo zote anazihitaji kwa sababu watu wawili walitafsiri neno moja kwa maneno mawili.

Hata ngoen prakan peke yake si salama kabisa. Prakan ni shina lililotapakaa. Bima ni prakan phai. Mdhamini wa kampuni, ambaye katika mkataba huu ni mkurugenzi wake, anaingia kwa kham prakan. Katika mkataba wenye amana, bima na mdhamini kwa pamoja, neno fupi linaacha mlango wazi. Ndiyo sababu wafasiri waangalifu huandika ngoen prakan kan chao, fedha za dhamana ya pango, na hawalifupishi hata pale nafasi ya jedwali inapobana.

Muda nao una mtego wake, ingawa wa aina nyingine. Kiingereza hutumia "Term" kwa herufi kubwa kumaanisha muda wa pango, na neno lile lile kwa herufi ndogo na wingi, "terms", kumaanisha masharti. Kwa Kithai hayo ni maneno yasiyohusiana kabisa, kwa hiyo hapa mfasiri anayesoma kwa makini hana shida. Shida ni kwamba Kithai kina njia mbili za kutaja muda. Kuna raya wela kan chao, kipindi cha kupanga, na kuna ayu sanya, umri wa mkataba. Ni rahisi kuyaona kuwa sawa.

Katika mkataba wa Silom hayako sawa. Kupanga kunaanza 1 Aprili. Mkataba wenyewe umezaliwa 15 Januari, siku ya saini. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miezi miwili na nusu ya mpangaji kutia rafu, taa na kamera bila kulipa kodi. Ibara ya kodi ikisema inalipwa "kwa umri wote wa mkataba", mtu anaweza kudai kodi ya kipindi hicho pia, kiasi cha baht 250,000. Ibara ya kuomba kuongezewa muda ikitaka barua itumwe miezi sita kabla ya miaka mitatu ya mkataba kwisha, lazima kwanza ijulikane miaka hiyo inahesabiwa kutoka Januari au kutoka Aprili. Anayeikosa tarehe hiyo amelikosa duka.

Miaka mitatu yenyewe haikuchaguliwa kwa bahati. Kifungu cha 538 kinataka pango la mali isiyohamishika linalozidi miaka mitatu liandikwe na kusajiliwa; lisiposajiliwa, linaweza kudaiwa mahakamani kwa miaka mitatu tu. Usajili una ada ya asilimia 1 ya kodi yote ya kipindi kizima, pamoja na ushuru wa stempu wa asilimia 0.1. Kwa sababu hiyo mikataba mingi ya maduka na ofisi huishia miaka mitatu kamili. Mfasiri anayeandika "umri wa mkataba" na kuweka tarehe ya saini mwanzoni anaweza, bila kujua, kuandika hati inayosomeka kama ya miaka mitatu na miezi miwili na nusu, na kuzua swali la usajili ambalo wahusika walikusudia kulikwepa.

Juu ya hayo kuna kalenda. Nyaraka za Kithai huhesabu miaka ya Kibuddha, iliyotangulia kwa miaka 543, hivyo 31 Machi 2029 inaandikwa 31 Machi 2572. Kila tarehe yenye fasili iandikwe mara moja tu, katika ukurasa wa fasili, kwa miaka yote miwili ikiwezekana. Ibara nyingine ziitaje kwa jina lake bila kuikokotoa upya, kwa sababu kila hesabu mpya ni nafasi mpya ya kukosea tarakimu.

Kazi hii basi inaanza kabla ya sentensi ya kwanza kutafsiriwa. Mfasiri husoma rasimu yote na kutoa humo kila neno lenye fasili. Si yale ya ibara ya 1 tu, bali na yale yaliyofichwa katikati ya aya kwa mabano na alama za kunukuu, na yale yaliyoandikwa kwa herufi kubwa lakini mwandishi akasahau kuyafasili kabisa. Hayo ya mwisho hayatatuliwi na mfasiri. Anamwandikia wakili na kuuliza, kwa kuwa Kithai hakitamruhusu kuuficha upungufu huo nyuma ya herufi kubwa kama Kiingereza kilivyofanya.

Kisha anatengeneza orodha yenye safu nne: neno la Kiingereza, neno moja la Kithai, ibara lilipofasiliwa, na safu ya maneno yaliyokatazwa. Safu ya nne ndiyo ambayo wengi huiacha, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Kando ya ngoen prakan kan chao panaandikwa: usitumie matcham. Kando ya raya wela kan chao: usitumie ayu sanya. Wakili wa Kithai anaipitia orodha hiyo na kuikubali, na tangu hapo hakuna anayebadilisha neno bila kuirudia orodha kwanza. Programu za wafasiri kama Trados na memoQ zinaweza kuibeba orodha na kumwonya mfasiri anapokwenda kinyume, lakini karatasi ya kawaida ya jedwali inatosha kama watu wote wanatumia ile ile moja.

Tatizo la mwisho la ufundi ni ukaguzi, na hapa Kithai kina mambo yake ambayo mtu aliyezoea hati za Kiingereza hayategemei. La kwanza ni majina ya wahusika. Mpangaji ni phu chao. Mpangishaji ni phu hai chao. Silabi moja, hai, yenye maana ya "kutoa", ndiyo inayowatenganisha, sawasawa na vile Kiswahili kinavyomtenganisha mpangaji na mpangishaji kwa vipande vichache vya sauti katikati ya neno. Silabi hiyo ikidondoka wakati wa kuchapa, sentensi inabaki safi kisarufi. Kikagua-tahajia hakisemi kitu. Ila sasa ni mpangaji anayepaswa kulipa kodi ya jengo, au mpangaji anayeruhusiwa kuingia dukani kukagua. Kosa hili halionekani kwa kusoma haraka, kwa sababu jicho hujaza lenyewe kile linachotegemea kukiona. Dawa yake ni kwenda ibara kwa ibara na kuandika pembeni nani anayewajibika katika kila sentensi, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kithai bila kutazama jibu la mwanzo.

La pili ni kubadilisha maneno kwa mpigo. Mteja anasema siku ya mwisho kwamba anapendelea mpangaji aitwe phu chao phuenthi. Mtu anatafuta ผู้เช่า na kuagiza kompyuta ibadilishe popote. Mpangaji mdogo, yule anayepangishwa na mpangaji, ni ผู้เช่าช่วง, na jina lake linaanza na herufi zile zile. Kwa kuwa hakuna nafasi kati ya maneno, kompyuta haina uhakika neno linakomea wapi, na lile agizo la "neno zima tu" linalofaa kwa Kiingereza haliaminiki hapa. Matokeo yake mpangaji mdogo anapachikwa neno geni katikati ya jina lake, na ibara ya kupangisha tena inakuwa haisomeki. Mabadiliko ya namna hii hufanywa moja baada ya jingine, na maneno marefu hushughulikiwa kabla ya mafupi.

La tatu ni la kushangaza zaidi, kwa kuwa halionekani kabisa. Irabu ya Kithai iitwayo sara am inaweza kuingizwa kwenye kompyuta kwa namna mbili. Ya kawaida ni alama moja. Nyingine, inayotokea hasa maandishi yanaponakiliwa kutoka faili za PDF, ni alama mbili zilizokaa pamoja. Kwenye kioo zote zinafanana:

```
จำ = จ + U+0E33
จํา = จ + U+0E4D + U+0E32
```

Irabu hiyo imo katika silabi ya mwisho ya matcham. Mkaguzi anayetafuta neno hilo lililokatazwa, ili ahakikishe halikubaki popote, anaweza kuambiwa na kompyuta kwamba halipo, ilhali limekaa katika ibara ya 19 kwa umbo la pili. Vivyo hivyo na kulipa, chamra, na kuweka au kupanga, kamnot, maneno ambayo mkataba wa pango hauwezi kuyakwepa. Kabla ya ukaguzi wowote, hati nzima igeuzwe kwanza iwe na umbo moja la irabu hiyo: umbo la pili litafutwe na kubadilishwa kuwa la kwanza. Hapa kubadilisha kwa mpigo ni salama, na huchukua dakika chache.

Orodha ya istilahi haikomei kwenye mkataba mkuu. Thailand ni kawaida kwa ofisi na maduka kuwa na mikataba miwili inayokwenda pamoja, mmoja wa pango na mwingine wa huduma kama usafi, ulinzi na kiyoyozi. Mgawanyo huo una uzito wa kodi za serikali. Pango la jengo limesamehewa kodi ya ongezeko la thamani, ilhali huduma zinatozwa asilimia 7. Kampuni inayolipa hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye pango na asilimia 3 kwenye huduma. Kha chao, kodi ya pango, na kha borikan, malipo ya huduma, yakichanganywa katika tafsiri ya mkataba mmoja, mhasibu anayesoma nakala ya Kithai atakata asilimia isiyo yake, na barua itatoka ofisi ya mapato. Mkataba wa huduma mara nyingi hutafsiriwa wiki kadhaa baadaye, na mtu mwingine, ambaye hakuwahi kuuona ule wa kwanza.

Hali ni ile ile kwa barua ya mdhamini, kwa ramani iliyoandikwa majina ya vyumba, na kwa nyongeza zinazosainiwa mpangaji anapoongeza chumba cha pili. Nyongeza husema kwa kawaida kwamba maneno yake yana maana ile ile iliyomo katika mkataba mkuu. Kwa Kiingereza herufi kubwa huutimiza mstari huo yenyewe. Kwa Kithai mstari huo ni kweli pale tu mfasiri wa nyongeza alipoandika maneno yale yale, silabi kwa silabi. Kwa hiyo orodha huwekwa katika jalada moja na mkataba uliosainiwa, ikiwa na tarehe na jina la wakili aliyeikubali, na mwaka 2029 muda wa Silom unapoongezwa, mfasiri mpya hukabidhiwa orodha hiyo kabla hajapewa ukurasa wa kwanza wa rasimu.